Trekta limefukua vigae: kipi ni cha kale, na sheria inakutaka ufanye nini

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara, Sura ya 333, ni ya mwaka 1964 na ilifanyiwa marekebisho mwaka 1979. Kwa vitu vinavyohamishika, sheria hiyo imechora mstari kwenye mwaka 1863. Chochote kilichofinyangwa, kuchongwa, kuandikwa au kubadilishwa na mkono wa mtu kabla ya mwaka huo ni malikale, hata kama umekiokota kwenye tuta lako la mihogo na hati ya shamba unayo kabatini. Kilichotengenezwa baada ya hapo kwa kawaida hakimo.

Ukilima pembezoni mwa Dar es Salaam, mstari huo utakugusa mapema kuliko unavyodhani. Pwani hii watu wamekaa, wamehama, wamerudi tena mahali palepale. Kigae cha chungu cha miaka elfu moja na ushee na sarafu ya enzi za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar wa karne ya 19, vinaweza kulala hatua chache tu, na plau ikipita mara moja vyote vinakuwa juu, vimechanganyika na mizizi ya ukoka.

Ndivyo ilivyokuwa kwa shangazi yangu, anayelima upande wa Kigamboni, ndani kidogo kutoka baharini. Shamba lile limelimwa kwa jembe la mkono tangu enzi za bibi yake, na jembe la mkono halishuki sana. Sentimita kumi na tano, ishirini ukiwa na nguvu. Mwaka huu akakodi trekta. Plau inashuka hadi sentimita thelathini, na hizo kumi za ziada ndizo zilizoleta mambo. Mchana akanipigia simu.

"Mwanangu, njoo uone. Dereva kaokota rupia ya Mjerumani, anataka kuondoka nayo."

"Shikamoo shangazi. Mwambie aiache. Na hivyo vigae usiviokote kwanza."

"Vigae vya nini tena? Vimejaa tele, nitavitupa kwenye shimo la takataka."

Nilisoma akiolojia pale Mlimani na nimekaa miaka kadhaa kwenye meza za kuchambua vigae, kwa hiyo kwenye ukoo wetu simu za namna hii huishia kwangu. Karibu kila mara simu inahusu sarafu, na karibu kila mara jambo lenyewe liko kwenye vigae.

Tuanze na sarafu basi, maana ndiyo iliyokuwa inagombaniwa. Ilikuwa ya shaba, imefunikwa na kutu ya kijani, upande mmoja maandishi ya Kiarabu, upande wa pili mchoro wa mizani na tarakimu ١٢٩٩. Dereva alikuwa ameshaisugua kwa mchanga na alikuwa anatafuta ndimu. Nikamsihi aache. Asidi ya ndimu inaondoa kutu pamoja na ngozi ya juu ya shaba, na kwenye sarafu iliyokaa ardhini muda mrefu ngozi hiyo ndiyo iliyobeba maandishi. Ukimaliza unabaki na duara jekundu linalong'aa lisilosema kitu. Sarafu ya ardhini ifute vumbi kwa brashi laini kavu, uiweke kwenye karatasi, basi.

Mtu akisoma 1299 haraka haraka, moyo unaruka: karne ya 13! Lakini huo ni mwaka wa Hijria. Kuupeleka kwenye kalenda ya kawaida kwa makadirio, punguza asilimia tatu halafu ongeza 622. Asilimia tatu ya 1299 ni kama 39, unabaki na 1260. Ongeza 622, unapata 1882. Huo ni utawala wa Sayyid Barghash wa Zanzibar, aliyekaa kitini kuanzia 1870 hadi 1888, na sarafu zake za shaba zenye mizani zilienea pwani yote. Ni kitu kizuri, kina hadithi yake, ila kiko miaka kumi na tisa upande wa pili wa mstari.

Kwa anayetaka kukumbuka jambo moja tu: mwaka 1863 ulianza katikati ya mwaka 1279 wa Hijria. Tarakimu zikisomeka 1278 au chini ya hapo, uko ndani ya sheria. Zikiwa 1280 na kuendelea, uko nje.

Ile "rupia ya Mjerumani" yenyewe, kama ingekuwa ndiyo, isingebadilisha kitu. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu za shaba zilizoitwa pesa na rupia za fedha mwaka 1890, na sarafu zilizoitwa heller zikafuata kuanzia 1904. Zote ni za baada ya 1863. Najua mitaani zinatajiwa bei za mamilioni, na wapo watu wanaozunguka na mashine za kupimia madini wakitafuta mali ambayo eti Mjerumani aliifukia akikimbia vita. Sijawahi kuona shimo hata moja la aina hiyo lililotoa chochote zaidi ya hasara, na nimeona makaburi ya kale yaliyobomolewa kwa ajili yake. Hilo la makaburi ni kosa la wazi: kwa majengo, makaburi na majaa ya kale mstari wa sheria ni 1886, na kuchimba kutafuta malikale bila leseni hakuruhusiwi, shamba liwe la nani.

Mwaka ulioandikwa kwenye sarafu nao una mitego yake. Riale kubwa ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria imeandikwa 1780, na ziliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo hadi karne ya 20. Kwa hiyo 1780 peke yake haithibitishi kitu. Kwa upande mwingine kuna sarafu za shaba za Kilwa, ndogo, upana wa ukucha wa kidole gumba, ambazo hazina mwaka kabisa. Upande mmoja kuna jina la sultani, kwa mfano Ali bin al-Hasan, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zimetungwa kwa vina kama ubeti. Hizo ziko ndani ya sheria bila ubishi. Nyingi zimepatikana Kilwa kwenyewe na Mafia, hivyo ikitoka moja kwenye tuta la Kigamboni, mahali ilipotoka ni habari sawa na sarafu yenyewe.

Sarafu ya shangazi tukaiweka kando. Tukaenda kwenye vigae.

Trekta lilikuwa limelima kama ekari mbili. Kabla ya kuinama nilitembea kwenye matuta yote nikiwa nimesimama, na kila penye kigae nikachomeka kijiti. Shangazi alidhani naigiza. Ila vijiti vilipokwisha kuchomekwa, hata yeye aliona: havikusambaa sawasawa. Kulikuwa na kundi moja karibu na mwembe mkubwa juu, ambako anasema palikuwa na nyumba ya babu yake, na kundi la pili chini kwenye mteremko, karibu na kijito. Katikati palikuwa patupu. Plau husogeza vitu, ila kwa msimu mmoja havisafiri mbali. Mita moja, mbili, kwa kufuata mkondo wa trekta. Kwa hiyo mashina ya makundi yale yalikuwa bado yako chini yake.

Juu kwenye mwembe mambo yalikuwa mepesi. Vipande vya sahani nyeupe zenye maua ya rangi, ute wa kioo juu yake, mgongo wa chupa ya kijani, na sarafu yetu ilitoka hapohapo. Sahani na mabakuli ya maua yalimiminika pwani kutoka viwanda vya Ulaya katika karne ya 19, mengine kutoka Maastricht huko Uholanzi, na kila nyumba yenye uwezo kidogo ilikuwa nayo. Geuza kipande cha kitako uangalie muhuri. Ukikuta jina la nchi limechapwa, mara nyingi ni chombo cha miaka ya 1890 au baadaye, kwa sababu Marekani ndipo ilipoanza kudai bidhaa ziandikwe zinakotoka na viwanda vikafuata. Hiyo ni nyumba ya babu na watangulizi wake. Haikuhitaji mtaalamu.

Chini kwenye mteremko hapakuwa na sahani hata moja. Palikuwa na vigae vya vyungu vya kufinyanga, vya rangi ya udongo na masizi, na mtu asiyevijua angevipita. Hapa ndipo pa kutulia.

Kigae kimoja cha tumbo la chungu hakikwambii umri wake. Wanawake wa pwani wamefinyanga vyungu kwa mkono na kuvichoma kwenye moto wa wazi kwa karne nyingi, na wanafinyanga hadi leo, kwa hiyo ukivunja chungu cha sokoni utapata ndani yake ileile rangi nyeusi katikati na nyekundu pembeni, dalili ya moto usiofika kote. Ugumu, uzito, rangi nyeusi ya masizi, vyote hivyo havitoshi. Kinachosema ni mdomo wa chungu na shingo yake, pale mfinyanzi alipoweka pambo, kwa sababu mapambo yalibadilika kila baada ya karne kadhaa.

Pwani hii wanaakiolojia wanafuata mpangilio ambao kwa kifupi uko hivi. Vyungu vya wafua chuma wa mwanzo, wa karne za kwanza Baada ya Kristo, vina midomo minene iliyokatwa kwa pembe, wakati mwingine na mifereji imezunguka juu yake. Vinafuatiwa na vyungu ambavyo shingoni vimechorwa pembetatu zilizojazwa mistari ya mlazo, kuanzia kama karne ya 6 hadi ya 10. Hivi vya pembetatu vimepatikana katika ukanda mrefu sana wa pwani na visiwa, na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa waliovifanyia kazi kwa muda mrefu, pamoja na vile vya wafua chuma waliovitangulia. Baadaye pembetatu zinapotea na mapambo yanakuwa mengine.

Miongoni mwa vigae vya mteremkoni kulikuwa na vipande vitatu vya shingo. Kimoja hakikuwa na kitu. Viwili vilikuwa na pembetatu, zimechorwa kwa ncha kali udongo ukiwa mbichi, mistari ya ndani imelala upande mmoja. Nikavishika pembeni kwenye mwanga wa jua la jioni ili mistari itoe kivuli. Ukimulika kwa mbele hauioni.

Halafu nikaangalia mahali vilipovunjikia. Hili ni jambo ambalo kila mkulima anaweza kulifanya. Mvunjiko wa zamani umechakaa, kingo zake zimelainika na zina rangi ya udongo wa shamba. Mvunjiko mpya ni mkali na rangi yake imekoza, kwa sababu ndani hapajawahi kuona udongo. Kigae kimoja cha pembetatu kilikuwa na mvunjiko mpya upande mmoja. Maana yake plau ndiyo iliyokivunja asubuhi ile, na mwenzake yuko jirani. Tulimpata kwenye tuta lililofuata, vikaungana bila pengo. Shangazi ndiye aliyemwona, na kuanzia hapo hakuniambia tena habari ya shimo la takataka.

Kulikuwa na vitu viwili zaidi. Cha kwanza ni mabonge mazito, meusi, yenye vitundu na uso ulioyeyuka. Dereva alisema ni mawe ya volkano. Ni mavi ya chuma, masalia ya kuyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuru, na pembeni yake palikuwa na vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto, mmoja ncha yake imegeuka kioo kwa moto. Cha pili ni kipande kidogo, kisichozidi kidole, chenye ute mzito wa rangi ya feruzi juu ya udongo wa manjano laini sana. Ndani kilikuwa na mistari myembamba sambamba, alama ya gurudumu la mfinyanzi, na vyungu vya hapa havikufinyangwa kwa gurudumu. Mitungi ya namna hiyo ilitoka nchi za Ghuba, hasa Iraki ya kusini na Uajemi, na kwenye pwani yetu inaonekana sana kati ya karne ya 8 na ya 10.

Sasa unganisha. Pembetatu zinasema karne ya 6 hadi ya 10. Feruzi inasema ya 8 hadi ya 10. Vyote viko kwenye kundi moja, mbali na sahani za babu. Makadirio yanayofaa ni karne ya 8 hadi ya 10, kijiji cha watu waliofua chuma na waliokuwa na mkono, hata kama ni wa mbali, kwenye biashara ya baharini. Kipande cha feruzi peke yake kisingetosha, maana mtungi mzuri unaweza kutunzwa na kurithiwa. Pembetatu peke yake nazo zingeacha nafasi ya karne nne au tano. Ndiyo maana vijiti vilikuja kabla ya kuokota: bila kujua kipi kilitoka wapi, ungekuwa na ndoo moja yenye sarafu ya 1882, sahani ya Ulaya na shingo ya chungu, na hakuna mtu duniani angeweza kukutenganishia.

Mawe nitayapitia haraka, kwa kuwa shambani kwa shangazi hayakuwepo. Kwenye udongo wa kichanga wa pwani, kipande cha jiwe jeupe la kwazi kinastahili kuangaliwa, kwa sababu kimeletwa na mto au na mtu. Kilichobanduliwa na mtu kwa kugongwa huwa na sehemu bapa ndogo palipopigwa na uvimbe wa mviringo chini yake. Lakini meno ya plau nayo hubandua mawe. Ukiona kovu jipya, safi, lenye rangi tofauti na sehemu nyingine ya jiwe, huyo ni dereva wako.

Sheria inasema nini baada ya hapo? Aliyegundua malikale anatakiwa kutoa taarifa bila kuchelewa kwa kiongozi wa serikali wa eneo au kwa wahusika wa mambo ya kale. Kwa Dar es Salaam njia nyepesi ni kupitia mwenyekiti wa serikali ya mtaa na afisa utamaduni wa manispaa, na nakala ya barua kwenda Idara ya Mambo ya Kale iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, nako unaweza kuuliza. Kuuza malikale bila leseni ni kosa, na kuitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa jingine. Hati ya shamba haibadilishi hilo. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, imewekwa chini ya Rais kama mdhamini, na hati inakupa matumizi ya ardhi.

Kinachowatia watu hofu ni kingine. "Nikisema, si watanichukulia shamba?" shangazi aliuliza hivyo hivyo. Kutoa taarifa hakugeuzi shamba kuwa eneo la hifadhi. Eneo linakuwa kumbukumbu ya taifa kwa kutangazwa rasmi, na vijiji vya kale visivyotangazwa vilivyo chini ya mihogo pwani hii ni vingi. Kinachowezekana zaidi ni mtu kuja, kupiga picha, kuandika, pengine kuomba wachimbe shimo dogo la majaribio. Na huenda akachelewa kuja. Lazima niseme ukweli huo pia, kwa sababu mkulima anayengoja mvua hawezi kusimamisha shamba zima kwa ajili ya ofisi.

Kwa hiyo barua tuliiandika usiku uleule, ukurasa mmoja. Mahali shamba lilipo, pamoja na namba za ramani zilizoonyeshwa na simu kwenye kila kundi. Kilichotokea: trekta, kina cha kama sentimita thelathini, tarehe. Kilichoonekana, kundi la juu na kundi la chini kwa kutenganisha. Picha tulizipiga mchana, kila moja ikiwa na rula pembeni, na mbili za shamba zima zenye vijiti vinavyoonekana. Vigae vya chini tulivyookota ni vile tu vilivyolala juu, bila kuoshwa, kwenye mfuko wa karatasi ulioandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu hufutika unyevu ukiingia. Vilivyo chini ya udongo tuliviacha. Kama tungekuta mifupa ya mtu tungesimama na kuita polisi kwanza, kabla ya mtu wa mambo ya kale, kwa kuwa hakuna anayeweza kuapa kwa macho kwamba mfupa una miaka elfu moja.

Shangazi amekubali mteremko ule ulimwe kwa jembe la mkono msimu huu, kina kilekile cha bibi yake, na trekta liishie kwenye mstari wa minazi. Sarafu ya Barghash iko kwake, ndani ya karatasi. Dereva amepewa picha yake kwenye simu na maelezo ya kupunguza asilimia tatu, na juzi kanitumia picha ya kigae kutoka shamba jingine alilolima, upande wa Mkuranga. Kina mifereji kwenye mdomo. Nimemuuliza kimetoka tuta gani.